Pleti Inayowaka Nusu na Pleti Isiyopata Moto

Pleti ya koili kwenye jiko la umeme ni waya mmoja mrefu uliozungushwa. Umeme unaoingia upande mmoja ndio huo huo unaotokea upande wa pili. Haupungui njiani, na kila sehemu ya waya hupitiwa na kiasi kile kile. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kusoma ugonjwa wa pleti kwa macho kabla hajashika bisibisi. Pleti ikiwa nyekundu hafifu kote, bila tofauti kati ya mzunguko na mzunguko, kuna kitu nje yake kinachoipunja umeme. Ikiwaka vipande, huku nyekundu ya kung'aa na huku nyeusi, umeme wa nyumba hauwezi kulaumiwa, kwani hauna namna ya kuchagua sehemu moja ya waya na kuiacha nyingine. Hapo ugonjwa uko kwenye pleti yenyewe au kwenye sufuria iliyokaa juu yake. Na pleti ikiwa baridi kabisa, njia ya umeme imekatika mahali fulani kati ya soketi na ncha ya mwisho ya waya, na kinachobaki ni kutafuta mahali hapo.

Majiko mengi ya Afrika Mashariki yana pleti za aina tatu. Ya kwanza ni koili ya wazi, waya mwembamba uliosokotwa kama springi na kulazwa kwenye mifereji ya kigae cha udongo. Ya pili ni koili iliyofunikwa, ile inayoonekana kama bomba jembamba jeusi lililoviringishwa. Ndani ya bomba hilo mna waya ule ule wa springi, na umeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi, ambao una tabia adimu ya kupitisha joto vizuri huku ukizuia umeme usifike kwenye bomba. Ya tatu ni sahani nzito ya chuma, ambayo waya zake zimefukiwa chini hata mtu asizione. Katika zote tatu waya mara nyingi ni mchanganyiko wa nikeli na kromi, metali zinazostahimili kuwa nyekundu kwa miaka bila kuliwa na hewa.

Kabla ya kuita kitu ugonjwa, inafaa kuondoa mambo mawili ambayo si ugonjwa. La kwanza ni sufuria. Koili inapogusana vizuri na kitako cha sufuria, joto lake hunyonywa na kubaki nyeusi au nyekundu ya giza. Pale sufuria isipogusa, joto hukosa pa kwenda na koili hung'aa. Sufuria ya alumini iliyobonyea katikati, kama zilivyo nyingi baada ya miaka ya kusonga ugali, huacha pete ya koili ikiwaka upande mmoja na kuzimika upande mwingine. Kipimo chake ni rahisi: sufuria itolewe na pleti iachwe tupu kwa dakika mbili au tatu kwenye moto wa juu. Ikiwa nyekundu kote kwa usawa, kilicho kibovu ni sufuria. La pili ni kuwaka na kuzimika. Swichi nyingi za majiko hazipunguzi umeme. Huukata na kuurudisha, ili pleti iwake kwa sekunde kadhaa kisha ipumzike. Anayetazama pleti wakati wa kupumzika anaweza kuapa kwamba imekufa.

Koili ya wazi ikiwaka vipande, sababu yake huonekana kwa macho. Springi iliyobanana hutoa joto jingi mahali padogo na kung'aa. Springi iliyovutika hueneza joto lile lile mahali parefu na kubaki nyeusi. Mara nyingi hii ni kazi ya mikono: waya ulikatika, ukaunganishwa kwa kusokotwa, na katika kuunganisha upande mmoja ukavutwa kupita kiasi. Maungio ya namna hiyo hayadumu. Mahali waya zinapogusana bila kukazwa pana upinzani wa ziada, hupata moto kuliko kwingine, huliwa, na baada ya wiki chache hukatika palepale. Tena kila inapokatika hupotea kipande, na waya unakuwa mfupi zaidi. Kwa kawaida watu huona ufupi kama udhaifu, lakini kwa koili ni kinyume. Ukipotea moja ya tano ya waya, upinzani hushuka hadi asilimia 80, na pleti ya wati 1000 hugeuka kuwa ya wati 1250. Itapika haraka kwa muda, mwenyewe akimsifu fundi, kisha itaungua tena. Koili mpya haina bei ya kutisha. Inavutwa taratibu mpaka urefu wake ulingane na kamba iliyolazwa kwanza kwenye mifereji yote, ili isibanane popote wala isining'inie.

Koili hiyo hiyo inaweza pia kurukwa. Springi ikichomoka kwenye mfereji na kugusa ya mfereji wa jirani, umeme hupita njia ya mkato. Kipande kilichorukwa kinakuwa cheusi kabisa, na kilichobaki hung'aa kuliko siku zote, kwa kuwa sasa kinapitisha umeme mwingi zaidi. Weusi na mng'ao wa kupindukia vikionekana pamoja kwenye pleti moja, jiko lizimwe na kuchomolewa. Koili ya wazi pia haina kinga yoyote: sufuria ya bati au kijiko cha chuma kikiigusa kimegusa umeme wa nyumba, na anayekishika naye ameugusa.

Kwenye koili iliyofunikwa dalili ni nyingine, na ina hatari zaidi kwa sababu imejificha. Unga wa ndani ukipasuka au kulowana, au bomba likitoboka kwa kutu na chumvi ya vyakula vilivyofurika, waya wa ndani hugusa bomba. Kinachotokea baada ya hapo hutegemea waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na njano ambao mafundi huuita ethi. Ikiwa ethi ipo na ni nzima, umeme utaingia upande wa laini, utafika pale waya ulipogusa bomba, na kukimbilia ardhini bila kumaliza safari. Kipande cha kwanza cha koili kitang'aa, cha pili kitabaki cheusi. Ikiwa nyumba ina breka ya kuzuia mshituko, yenye kukata umeme uvujao unapofika milliampea 30, pleti haitapata hata nafasi ya kuwaka. Breka itaruka mara moja. Ikiwa ethi haipo, kwa mfano jiko limefungwa plagi ya pini mbili, pleti itawaka vizuri kabisa kana kwamba haina tatizo, na umeme utatulia kwenye bodi ya jiko ukimsubiri mtu mwenye mkono mbichi. Kwa hiyo pleti inayowaka nusu inatisha kwa macho, lakini ile inayowaka sawasawa huku jiko likimtekenya mpishi vidole ni mbaya zaidi. Mtekenyo huo, hata ukiwa mdogo, unatosha kuliweka jiko pembeni.

Kuna mlango mmoja wa matumaini kwa watu wa pwani. Unga wa magnesi hunyonya unyevu wa hewa, na jiko lililokaa miezi stoo Tanga au Mombasa linaweza kurusha breka siku ya kwanza kuwashwa bila kuwa limeharibika. Fundi hulikausha kwa kuitoa elementi na kuiweka kwenye oveni yenye moto wa wastani kwa saa moja au mbili, kisha anapima tena. Kipimo kikipanda, ulikuwa unyevu. Kisipopanda, bomba limepasuka.

Pleti nzito ya chuma haing'ai, kwa hiyo macho hayasaidii, lakini ina lugha yake. Nyingi zina waya tatu ndani, na swichi yake ina nafasi sita za moto pamoja na sifuri. Swichi hiyo haiwashi na kuzima kama nyingine. Huzipanga waya kwa namna tofauti. Kwenye nafasi ya juu, waya zote tatu hupewa umeme sambamba, kila mmoja kwa njia yake. Kwenye nafasi ya chini kabisa, kwa kawaida, hufungwa mfululizo, umeme ukipita wa kwanza, wa pili, kisha wa tatu, na moto unakuwa mdogo. Hapo ndipo fumbo linapofumbuka bila kipimo chochote. Pleti inayopata moto kwenye 6, japo dhaifu kuliko zamani, lakini ikawa baridi kwenye 1, ina waya mmoja uliokatika, kwani mfululizo hauwezi kuvuka pengo. Pleti inayopata uvuguvugu kwenye 1 lakini ikafa kwenye 6 ina waya zote nzima, maana umeme umezipita zote. Kilichokufa ni mguso ndani ya swichi. Watu wengi wamenunua pleti mpya kwa kosa la swichi, na wengine swichi mpya kwa kosa la pleti, kwa sababu tu jiko halikujaribiwa nafasi zote. Pleti ya aina hii ikiwa na doa jekundu katikati ina pia kifaa cha kujilinda kinachopunguza nguvu ikipata moto kupita kiasi bila sufuria. Ikipoa kidogo ikiwa tupu, inafanya kazi yake.

Baada ya macho ndipo huja kipimo. Multimita ya bei ya chini inatosha kwa kazi hii. Jiko huchomolewa kwanza kwenye soketi, au kama limefungwa moja kwa moja ukutani, swichi yake kuu na breka yake vyote huzimwa. Kuzima kwa kitufe cha jiko peke yake hakutoshi, kwa sababu vitufe vingi hukata waya mmoja tu, na soketi iliyofungwa waya kinyume, laini mahali pa nyutro, itaacha koili ikiwa na umeme huku kitufe kikionyesha sifuri. Kisha linaachwa lipoe, na kifuniko cha chini kufunguliwa.

Upinzani unaotarajiwa hupatikana kwenye kibati cha jiko chenye volti na wati. Volti huzidishwa kwa zenyewe, kisha jibu hugawanywa kwa wati. Pleti ya wati 1500 kwa volti 230 za Tanzania inatakiwa kusoma omu 35 hivi. Ya wati 1000, omu 53. Kwa volti 240 za Kenya namba hizo hupanda kidogo, kuwa 38 na 58. Tofauti ya omu mbili tatu si kitu. Waya huu una sifa nzuri ambayo balbu ya zamani haina: upinzani wake hubadilika kidogo tu kati ya baridi na moto, kwa hiyo kipimo cha pleti baridi kinaeleza ukweli wa pleti inayowaka. Lakini waya mmoja wa elementi uchomolewe kwanza kabla ya kupima. Usipochomolewa, multimita itasoma pia njia za pembeni, kama taa ya kiashirio au pleti ya jirani, na kuipa uhai elementi iliyokufa.

Multimita ikionyesha OL, au tarakimu 1 upande wa kushoto kwa zile za kizamani, waya umekatika ndani na elementi haina dawa. Bomba halifunguliwi likaungwa. Ikisoma kidogo kuliko inavyotakiwa, mathalani omu 20 badala ya 35, sehemu ya waya imerukwa. Kipimo cha pili ni kati ya ncha ya elementi na bomba lake. Hapo ndipo OL inapokuwa habari njema. Usomaji wowote wa maelfu ya omu ni uvujaji. Hata hivyo multimita hupima kwa betri ya volti chache, na nyufa nyingine hazijitokezi mpaka zisukumwe na umeme mkubwa. Fundi mwenye kipimo cha volti 500 ndiye anayeweza kusema kwa uhakika kwamba elementi haivuji. Aliye na multimita peke yake anaweza kuthibitisha kwamba inavuja, lakini hawezi kuapa kwamba haivuji.

Elementi ikiwa nzima, zamu ni ya swichi. Kwenye majiko ya mezani swichi huwa ni kidhibiti joto: ubapa wa metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja ikitanuka kuliko nyingine, hivyo joto likizidi ubapa hupinda na kuachanisha miguso. Kila kuachana na kugusana huzalisha cheche ndogo, na cheche za miaka mitatu huacha masizi na mashimo. Swichi ya namna hii hufa kwa njia mbili zinazopingana. Miguso ikiungua, pleti inakuwa baridi, au inawaka mtu akikitikisa kitufe. Miguso ikigandana, pleti haizimiki, na moto wa juu ndio unaobaki bila kujali kitufe kimewekwa wapi. Kwa multimita, jiko likiwa limechomolewa na kitufe kikiwa juu kabisa, swichi nzima husoma chini ya omu moja, karibu sawa na vyuma vya multimita vinapogusanishwa vyenyewe. Kitufe kikirudishwa sifuri, isome OL. Namba zinazocheza, mara 5 mara 200, ni za swichi inayokufa. Kuisugua miguso kwa msasa husaidia siku chache tu, kwa kuwa tabaka la fedha lililokuwa linaihifadhi limeshaondoka.

Mara nyingi zaidi ya swichi yenyewe, kinachoungua ni kiungo cha waya na swichi, kile kibati kidogo cha kuchomeka. Kikilegea kidogo tu, huzaa upinzani wa omu moja au mbili, na hapo hesabu inaleta mshangao. Pleti ya wati 1500 huvuta ampea 6.5. Umeme huo ukipita kwenye omu moja ya kiungo kilicholegea hutoa wati 40 za joto, nguvu ya balbu ya zamani, iliyobanwa mahali padogo kama punje ya mchele. Pleti haitaonyesha dalili ya kueleweka, kwani omu moja juu ya 35 haipunguzi moto wa kuonekana. Kinachotangulia ni harufu ya plastiki iliyoungua, kisha rangi ya kahawia kwenye waya, kisha siku moja pleti baridi. Ndani ya jiko hutumika waya wenye ganda la kustahimili joto, la silikoni au la nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba, ukitumiwa hapo kwa sababu ndio uliopo, ganda lake hulainika na kuachia chuma.

Umeme unaoingia ndio wa mwisho kuchunguzwa, ingawa ndio wa kwanza kulaumiwa. Kama pleti moja ni baridi na jirani yake inawaka, umeme unafika. Hakuna haja ya kwenda kwenye mita. Isipokuwa jiko kubwa lililofungwa umeme wa njia tatu, ambalo laini moja ikikosekana huweza kuzima pleti mbili na kuziacha nyingine. Pleti zote zikiwa baridi, plagi hufunguliwa kutazama fyuzi yake ya ampea 13 na kama pini zimebadilika rangi. Pasi au birika linalojulikana kuwa zima, likichomekwa kwenye soketi hiyo hiyo, hujibu swali la soketi bila kipimo.

Hapa testa ya bisibisi huwachanganya wengi. Ikiwaka kwenye ncha zote mbili za pleti iliyo baridi, watu husema umeme upo, basi pleti imekufa. Kinyume chake: pleti ni nzima, na nyutro imekatika. Umeme umeingia kwa laini, ukapita koili yote, ukakosa njia ya kurudi, na sasa ncha zote mbili zimesimama na umeme. Jiko hilo ni baridi na linaua. Elementi iliyokatika ingewasha testa upande mmoja tu.

Pleti zote zikiwa nyekundu hafifu kwa usawa, hasa saa za jioni, kinachopungua ni volti. Nguvu ya pleti haishuki kwa kiwango cha volti bali kwa mraba wake, ndiyo maana upungufu unaoonekana mdogo kwenye taa huwa mkubwa jikoni. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 196, yaani asilimia 15 hivi, pleti ya wati 1500 hutoa takriban wati 1090, na wali uliozoea nusu saa huchelewa. Fundi hupima volti za soketi mara mbili, jiko likiwa limezimwa na likiwa linawaka. Zikiwa 196 nyakati zote mbili, udhaifu unatoka kwenye laini ya mtaa. Zikiwa 230 jiko likiwa limezimwa na kuanguka hadi 196 likiwashwa, volti 34 zimepotelea njiani, na kwa ampea 5.5 hizo ni wati karibu 190 zinazogeuka joto mahali pasipoonekana. Fundi atapima tena kwenye bodi ya breka. Volti zikisimama imara pale huku soketi ikianguka, joto hilo limo ndani ya ukuta wa nyumba, kwenye kiungo kilicholegea au ekstensheni nyembamba. Jiko la pleti nne lenye oveni lina hesabu yake peke yake: likiwashwa lote linaweza kuvuta ampea 30, na halichomekwi kwenye soketi ya kawaida kwa hila yoyote. Hufungiwa waya wake wa milimita za mraba 6 na breka yake.

Hatua zote hizi zinaonekana zikifanya kazi pamoja kwenye tukio la kawaida. Jiko la mezani la pleti mbili za koili iliyofunikwa, kubwa wati 1500 na ndogo wati 1000, linaletwa kwa fundi kwa malalamiko kwamba pleti kubwa imekufa. Wiki iliyotangulia ilikuwa ikiwaka na kuzimika hovyo, na jikoni kulikuwa na harufu ambayo kila mtu alidhani ni ya chakula kilichomwagika. Pleti ndogo inawaka nyekundu kote. Kwa hilo peke yake plagi, fyuzi, waya wa kuingilia na nyutro ya jiko vyote vimeshafanyiwa mtihani na kushinda, na fundi anabakiwa na mahali patatu: elementi kubwa, swichi yake, na waya zinazoviunganisha.

Jiko linachomolewa, linageuzwa, skrubu nne zinatoka. Waya mmoja wa elementi kubwa unachomolewa na multimita inasoma omu 35.8. Elementi ni nzima. Kati ya ncha na bomba, OL; kipimo cha volti 500 kinaafiki. Swichi kwenye nafasi ya juu kabisa inasoma OL, na kitufe kikisukumwa pembeni inaruka kwenye 140, kisha 12, kisha OL tena. Kibati cha upande wa laini ni cheusi, waya wake umekauka na kupasuka ganda kwa urefu wa kidole gumba, na plastiki ya swichi imebonyea kuzunguka pini hiyo tu. Pini ya pili inang'aa kama mpya.

Mng'ao wa pini ya pili ndio unaoeleza mwanzo wa yote. Kama swichi ingekufa kwa cheche za miguso yake, joto lingetoka ndani na pini zote mbili zingebadilika rangi kwa kiasi kinachokaribiana. Hapa joto lilianzia nje, kwenye kibati kilicholegea, likatambaa kwa pini hadi ndani na kuua mguso. Swichi mpya ikifungwa kwa kibati kile kile cha zamani, itarudi ikiwa nyeusi baada ya miezi. Kwa hiyo kibati kinakatwa pamoja na sehemu yote ya waya iliyokauka, kinabanwa kipya kwa koleo lake, na kipande cha waya wa ganda la silikoni kinaongezwa kufidia urefu. Swichi mpya inachaguliwa kwa ampea zilizoandikwa ubavuni mwake, zisizopungua za ile ya zamani, na kwa urefu wa shina la kitufe, ambalo likiwa refu kupita kiasi huzuia kitufe kufika sifuri.

Kabla ya kufunga kifuniko, fundi anapima kutoka kwenye pini za plagi, vitufe vyote viwili vikiwa juu. Pleti zote mbili kwa pamoja ni wati 2500, kwa hiyo anatarajia omu 21 hivi, na anasoma 21.4. Kitufe kikubwa peke yake kinampa 36, kidogo peke yake 53. Kati ya pini ya ethi na bodi ya jiko, chini ya omu moja. Kisha jiko linachomekwa na kuwashwa pleti tupu. Baada ya dakika tatu koili kubwa ni nyekundu kutoka mzunguko wa ndani hadi wa nje, na baada ya nusu saa ya kuchemsha maji, plagi inapochomolewa na pini kuguswa kwa nyuma ya kidole, zote tatu zina uvuguvugu tu.